Kugonga Mara Moja

Mtu akitaka kujifunza rond-point kubwa za Kampala, ile mizunguko ya barabara, bila kutoka Butembo, anaambiwa aende Bulengera kwa Vagheni. Nyuma ya nyumba yake kuna uwanja wa udongo mwekundu, na juu ya udongo huo Vagheni huchora kwa majivu. Anachora barabara nne na katikati yake duara, kisha ndani ya duara mistari inayojizungusha kwenda nje, kama gamba la konokono. Wanafunzi wake, madereva wenye ndevu na vitambi, hutembea humo kwa miguu wakishika sahani za plastiki kuwa usukani. Majirani hucheka hadi machozi. Vagheni hachekagi.

"Njia unachagua mbele ya kuingia," huwaambia. "Mushale uko chini, taa iko juu. Soma yote mbili. Ukisha ingia, mustari yenyewe itakutoa inje. Weye hapana kata."

"Na kama nimekosea njia, Papa Vagheni?"

"Unakwenda kwenye mukosa yako inakupeleka. Unageuka mbele, unarudia. Mutu hakufe juu ya kuchelewa."

Akisema hayo hugeuza uso. Maana yuko mtu aliyekufa kwa sababu Vagheni hakutaka kuchelewa, na mtu huyo ni Onésime.

Miaka tisa iliyopita Vagheni aliendesha kamyo, lori la tajiri mmoja, kati ya Butembo na Kampala, usukani kulia kama magari mengi yanayotoka upande ule. Onésime alikuwa convoyeur wake, msaidizi anayekaa kushoto na kumwonea dereva upande asiouona. Lugha yao ilikuwa mkono juu ya mlango. Ukigongwa mara mbili, njia ni wazi, pita. Ukigongwa mara moja, baki. Ile asubuhi waliingia rond-point wakiwa njia ya kulia, ya magari yanayozunguka hadi sorti ya tatu, njia ya tatu ya kutokea, na bohari yao ilikuwa sorti ya pili, mbele moja kwa moja. Njia ya kati ndiyo ilikuwa yao. Vagheni aliiona sorti inapita. Alisikia mlango ukigongwa mara moja. Akakata kushoto hata hivyo. Basi lililokuwa njia ya kati, likienda zake kihalali, likaingia mlangoni kwa Onésime.

Mbele ya polisi, na mbele ya tajiri, na kwenye kilio mbele ya jeneza, Vagheni alisema: "Alinigongea mara mbili."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Vagheni imefika miaka tisa na bado haijaisha. Kwenye parking ya Butembo, convoyeur akielekeza vibaya, wenzake humzomea: "Eh, mukono ya Onésime!" Wadogo wawili wa marehemu waliomba kazi kwenye kamyo wakakataliwa, wakarudi Masereka kulima viazi. Mjane, Mama Emérence, alihama kanisa kwa aibu. Na Vagheni tangu siku ile, kila gari alilopanda likianza kukunja kona, husikia mlango wa kushoto ukigongwa mara moja. Aliacha usukani. Akachukua majivu.

Mwaka huu akaja Orpa, binti wa Onésime. Alikuwa amepata permis, leseni ya kuendesha, na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge alikubali kumpa Fuso ndogo kwa sharti moja: safari ya kwanza asindikizwe na mtu anayeijua Kampala.

"Papa Vagheni, tukwende na weye," akasema. "Ukae ku kiti ya papa. Minataka nipite pale pale alipokosea, nipite muzuri. Batu baache kusema."

Vagheni alitaka kumwambia palepale. Badala yake akasema ndiyo. Aliogopa, na woga wa mzee kwa mtoto ni kitu kichungu.

Wakangoja msafara wenye ulinzi Beni, wakashuka hadi mpakani Kasindi. Ng'ambo ya mpaka Orpa akahamia upande wa kushoto wa barabara, kwa makini, kama alivyofunzwa. Kila kona, mlango ukagongwa. Vagheni alikaa akiikalia mikono yake yote miwili ili ajue kwa hakika kwamba si yeye.

Wakaifikia rond-point mchana kweupe. Orpa alitafuta mishale chini, lakini lori la mchanga lilikuwa limesimama juu yake, na rangi yenyewe ilikuwa imefifia. Alipolipita, mstari usiokatika ulikuwa umeshaanza na taa imewaka nyekundu. Akasimama penye alama. Ndipo alipoona mshale ulio chini ya gari la mbele yake: njia ya kulia. Ileile.

"Nimekosea," akanong'ona. "Papa Vagheni, nimekosea kama papa yangu."

Taa ikawa kijani. Nyuma wakapiga honi. Fuso ikaingia, ikaanza kuzunguka. Sorti ya kwanza ikapita kushoto. Ya pili ikaanza kufunguka, pana, na bohari ikionekana mbele.

"Niko nawaza kukata. Angalia kwako! Njia iko wazi? Gonga!"

Vagheni akatazama kioo. Kilikuwa kitupu. Lami tupu, jua tupu. Mkono wake ukachomoka chini ya paja peke yake, ukainuka kugonga mara mbili. Kabla haujafika, mlango ukagongwa mara moja, kwa nguvu, hata akahisi mtikisiko begani.

"Baki!" akapiga kelele. "Bakia mu njia yako! Mustari, Orpa, mustari!"

Orpa akashika usukani. Taksi iliyojaa watu ikatokea kwenye sehemu ambayo kioo hakionyeshi, ikapita kwenye njia ya kati, ikatoka sorti ya pili. Ingewakuta mlangoni. Mistari ikaisukuma Fuso nje taratibu hadi sorti ya tatu, kwenye barabara wasiyoitaka. Orpa akaegesha penye kituo cha mafuta.

"Asante kugonga," akasema.

"Si mimi nimegonga."

Akamwangalia. Vagheni akaanza kulia, na akiwa analia akasema yote: njia ya kulia, mlango, mara moja, basi, uongo kwenye kilio. "Papa yako alinizuia. Mimi ndiye nilikata. Yeye hakukosea hata kidogo."

Orpa hakumpiga, hakumtukana. Aligeuza gari.

"Tunatokea upande ingine sasa," akasema kwa sauti kavu. "Sorti yetu iko kwa kuume. Njia gani?"

"Ya kulia. Mara hii ya kulia ndiyo yetu."

Aliichukua mapema, mita mia mbili kabla ya taa, akaishikilia hadi bohari.

Juma lililofuata, Butembo, Orpa alimpeleka moja kwa moja kwa Mama Emérence na kufunga mlango nyuma yao. Vagheni alisema akiwa amesimama. Mama aliendelea kuchambua maharage mezani hadi mwisho.

"Mara moja?" akauliza.

"Mara moja, mama."

Mama Emérence akakunja ngumi, akagonga meza mara moja, akainamisha kichwa kusikiliza. Akagonga tena, vilevile. Miaka tisa alikuwa akijigongea mara mbili usiku, akijaribu kuelewa mkono wa mumewe ulivyoweza kudanganya.

"Kesho kuko batu mingi ku parking," akasema. "Utaanza na bale."