Kichanja cha Masika

Mama mkwe wangu aliamini kwamba mafuriko huitwa. Ukinunua maharage ukayaweka juu kwa ajili ya masika, alisema, umeyapelekea masika mwaliko, na mwalikwa huwa haachi kuja. Neno lake lilikuwa uchuro. Mimi nilikuwa mleta uchuro ndani ya nyumba ya Mtoni aliyojengewa na marehemu mume wake, na alinikumbusha yote mawili, uchuro na nyumba, kila nilipopanda juu ya stuli kupanga vitu vyangu.

Sikumjibu kwa sababu ningeanza nisingenyamaza.

Masika yaliyotangulia maji yaliingia mpaka magotini. Gunia la unga lilikuwa sakafuni, likageuka uji. Bomba lilikatika siku hiyo hiyo, tukanywa maji ya kisima cha jirani, kisima ambacho kutoka kwenye choo chake cha shimo unaweza kukitupia kandambili na ukakipata. Mwanangu alikuwa hajaanza kutembea. Aliharisha mpaka macho yakazama ndani, na hospitali manesi wakamtafuta mshipa mkononi wakaukosa, wakaupata kichwani. Nilimshika kichwa hicho kwa mikono yangu wakati sindano inaingia. Baada ya hapo uchuro haukunitisha tena.

Mimi nauza vyakula vikavu sokoni Tandika, kwa hiyo kipi kinakaa na kipi hakikai ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilimwita fundi akanipigia kichanja cha mbao ukutani, juu kabisa ya alama ya udongo ambayo maji yaliacha. Nikaweka mchele na maharage niliyoyaanika upya juani, dagaa wakavu, makopa ya muhogo, tende, sukari, chumvi, na samaki wa kopo ambao unaweza kuwala hata kama moto hakuna. Kila kitu ndani ya ndoo zenye mifuniko ya kubana, panya asipite na unyevu usipite. Unga niliweka kidogo tu, maana unga ukikaa sana unaingia wadudu na kunuka. Kilichotangulia kuingia nilikiweka mbele, na kikikaribia kuchoka tulikila nikaleta kingine. Mkaa kwenye ndoo yake. Viberiti, vidonge vya kutibu maji na pakiti za ORS za mwenye kuharisha ndani ya kopo lililofungwa kwa nailoni.

Maji ndiyo niliyoyahangaikia zaidi. Nilipata madumu matatu makubwa yaliyokuwa na mafuta ya kupikia, si ya mafuta ya taa wala ya dawa ya shambani, nikayaosha kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu ikaisha. Nikayajaza maji ya bomba, nikatia vidonge, nikayafunga, nikayapanga kwenye benchi la saruji chini ya kichanja. Juu kabisa niliweka chupa mbili kubwa za maji ya dukani, za mwanangu peke yake. Kila baada ya miezi kadhaa nilimwaga ya kwenye madumu nikajaza mapya. Mama mkwe aliniangalia nikimwaga maji akasema kuna watu hawamwogopi Mungu.

Nilitaka kutia kufuli. Alikataa, na sauti aliyokataa nayo ilisikika mpaka kwa jirani: nyumbani kwake chakula hakifungiwi, hajazaa wezi, na kama kwetu tunafungiana vyakula basi nirudi nikafungiane huko. Mume wangu akasema tumwache mama. Mume wangu alikuwa karani kwenye yadi ya makontena Kurasini, na kila ugomvi wa nyumbani ulimkuta yuko zamu, au ulimpeleka zamu.

Sasa wifi yangu. Alikuwa ameachika, amerudi kwa mama yake, ana saluni ya nywele barazani. Mikono mizuri, sikatai. Alisuka vizuri na aliosha vizuri, na mdomo wake nao ulikuwa unafanya kazi kutwa nzima pamoja na mikono. Mimi nilikuwa mada. Wateja waliniamkia huku wanacheka, nikajua wameshanichambua kama mchicha. Aliniita bohari. "Bohari amerudi," alikuwa akiwaambia nikitoka sokoni, na mama yake ndani akicheka kile kicheko chake cha kukohoa.

Kwa hiyo tulikuwa hivyo, wanawake watatu tusiopendana na mtoto mmoja aliyetupenda sote, masika yalipokuja.

Mvua ilianza jioni, umeme ukakatika hapo hapo. Kulipokucha mto ulikuwa umeshatoka kwenye njia yake na uani kwetu maji yana rangi ya chai ya maziwa, yanaelea makopo na vitu vya chooni. Yakaingia. Tulipandisha magodoro juu ya meza, mama mkwe tukampandisha kitandani, mtoto nikamweka mapajani mwake. Mume wangu alipiga simu mara moja kutoka Kurasini kusema barabara haipitiki, halafu simu yake ikaisha chaji.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilimtazama mama mkwe amekaa juu ya kitanda kama kuku, nikatazama kichanja changu kikavu, nikasema moyoni, haya sasa, uchuro ndio utakaowalisha. Nikaweka jiko juu ya meza, nikafungua dirisha moshi utoke, nikawasha mkaa mkavu kwa kiberiti kikavu. Mtoto alikuwa analilia maji. Nikainamisha dumu la kwanza, nikamimina kikombe, nikaonja kwanza, kama ninavyoonja kila kitu sokoni kabla sijampa mtu.

Chumvi.

Maji ya bomba hayana chumvi. Maji ya kisima cha jirani ndiyo yenye chumvi, kila mtu mtaani kwetu anayajua kwa ulimi. Nikafungua dumu la pili, chumvi. La tatu, chumvi. Yote yamejaa mpaka shingoni, yote yamefungwa vizuri, na hakuna hata moja lililokuwa na maji niliyoyaweka mimi.

Sikuhitaji kuuliza. Maji ya chumvi sabuni haitoi povu, na nywele ukiziosha nayo zinakuwa ngumu kama ufagio. Wateja walishalalamika zamani, wifi alipowaosha kwa ya kisima. Bomba lilikuwa limekatika wiki nyingi kabla ya mvua, ya kunywa tukanunua kwa ndoo, na bado saluni ya barazani ilikuwa ikitoa vichwa vinavyong'aa. Niliviona vinatoka getini, nikavisifia, kumbe vimeoshwa kwa maji yangu.

Nilimjazia wifi glasi. Nilitembea ndani ya maji mpaka aliposimama, nikamnyooshea.

"Kunywa, wifi."

Akaniangalia. Alitazama glasi, akamtazama mama yake.

"Sina kiu mie," alisema.

"Kunywa kidogo tu. Halafu ndiyo nimpe mtoto."

Hakupokea. Mikono yake yote miwili aliiweka nyuma, mtu mzima yule, na uso ukamshuka. Kilichokuwa kifuani mwangu wakati ule hakikuwa hasira tena. Ilikuwa chuki, safi, na ningeweza kuishi nayo miaka. Nilitaka aseme kwa mdomo wake, mbele ya mama yake, alichokifanya. Nilitaka mama yake asikie kwamba nyumba hii imezaa mwizi.

"Lete hapa," alisema mama mkwe.

Nilidhani anataka kuonja ahakikishe. Nikampa. Alimtoa mtoto mapajani akamweka pembeni, akanywa ile glasi yote mpaka mwisho, bila kupumzika, macho yake kwenye macho yangu. Akaigeuza juu chini kunionyesha haina tone.

"Maji ni maji," alisema. "Usimtese mwanangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi mwanangu alikuwa pale pembeni analia kiu. Niligeuka nikachemsha maji ya mtoto, nikayaacha yatokote sawasawa, na yaliyobaki nikatia vidonge nikasubiri vifanye kazi. Chumvi haitoki kwa kuchemsha wala kwa vidonge. Tulikunywa vile vile na chumvi yake, na mtoto alikunja uso kila kikombe lakini hakuugua. Zile chupa mbili sikuzigusa. Sikujua mafuriko yatakaa mpaka lini, na nilikuwa sina imani tena na kitu chochote kilichokuwa ndani ya nyumba ile.

Kesho yake maji yakashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wifi akapandisha gauni akaenda barabarani kutafuta pa kuchajisha simu. Hakurudi mpaka jioni. Alikuwa hajatoka hata getini mama mkwe akaniita, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Alikuwa ameshajichafua. Tumbo lilimkata asubuhi yote akajikaza, akingoja binti yake aondoke. Choo kilikuwa kimefurika, kwa hiyo ilikuwa ndoo, na mimi wa kumshika, na mimi wa kumwaga na kumwosha. Mara ya tano au ya sita hivi midomo yake ilikuwa imekauka, na nilipombana ngozi ya mkono ilichelewa kurudi. Nilishaiona ile kwa mwanangu.

Pakiti ya ORS inataka lita moja ya maji safi, na maji yenye chumvi hayafai, yanazidisha chumvi juu ya chumvi. Nilisimama mbele ya kichanja nikazitazama chupa za mwanangu. Sitajisingizia wema. Nilisimama pale muda wa kutosha kufikiria kutofanya. Halafu nikashusha chupa moja, nikakoroga, nikakaa naye nikimnywesha kijiko kwa kijiko, na akitapika nangoja kidogo naanza tena.

Alasiri akaanza kukojoa tena, nikajua maji yanamkaa. Alinishika mkono, si kwa upole, kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Usimwambie."

"Nisimwambie nani, mama?"

"Mwanangu. Usimwambie niliumwa. Hata mumeo."

Nilimtazama mpaka akaona aibu akafumba macho. Nikasema sawa, kwa sababu alikuwa mgonjwa, na nyumba ilikuwa yake. Wifi aliporudi alimkuta mama yake amelala, nguo safi, ndoo imesafishwa na kufunikwa. Mama amechoka tu, nilimwambia.

Mafuriko yalipokwisha nilitia kufuli. Hakuna aliyenizuia. Nilijaza madumu upya, na mama mkwe hakusema habari za uchuro siku ile wala baadaye.

Lakini wifi hajanyamaza. Kila masika, saluni ikijaa, huwasimulia wateja jinsi nilivyotaka kumnywesha maji kwa nguvu siku ya mafuriko. "Kisa eti ya kisima," anasema. "Mama si alikunywa glasi nzima? Alipata nini?" Wanacheka. Mimi napita na ndoo yangu ya dagaa, mdomo nimeufunga, na kuna siku taya inaniuma kwa kuufunga.

Mama mkwe hukaa pale pale, kwenye kiti chake barazani, akiyasikia yote. Hacheki tena kile kicheko. Ana kikombe chake cha bati, na kikiisha hamtumi binti yake aliye karibu. Hunisubiri mimi nirudi sokoni nifungue kufuli. Siku moja wifi alimuuliza kwa nini anang'ang'ania maji ya bohari.

"Hayana chumvi," alisema, akaninyooshea kikombe.