Wasia wa Askari Bila Shahidi

Mke mwenzangu sikumpenda tangu siku alipoingia, na sioni sababu ya kulipamba hilo. Alikuwa mdogo, alicheka kwa sauti, na mume wetu alimsikiliza hata alipopiga porojo. Mwaka sabini na tisa vita ilipotufikia, jeshi la mume wetu lilitawanyika na kila mtu akakimbia kivyake. Mimi nilikuwa Koboko na watoto, nikavukia Sudan. Bwana askari akavukia Zaire. Na nani? Na yule yule!

Tuliporudi, miaka imepita, alinikuta na watoto wangu waliokondeana. Yeye akaja na mke aliyenawiri na binti mdogo mgongoni. Wivu ulinichoma. Akaniweka mimi katika nyumba yake ya mabati mjini Arua, yule akamweka Koboko. Nikajiambia, haya, angalau nyumba iko kwangu.

Alipofariki, matanga hayajaisha vizuri, mke mwenzangu akatoa karatasi. Ilikuwa ya mkono wa marehemu, na chini kuna sahihi yake. Mstari wa kwanza ulisema, "Nyumba ya Arua ni ya mama wa binti yangu mdogo." Nilisimama pale na kanga yangu ya msiba, nikahisi nafukuzwa na maiti.

Akaenda mahakamani Arua kuomba asimamie mali kwa wasia ule. Nami nikaenda kupinga. Mdogo wa marehemu, aliyewahi kuwa askari pia, alinisindikiza njia nzima akinitia hofu. "Shemeji, askari hana haja ya shahidi," akasema. "Jeshini walituambia hivyo. Mkono wako tu unatosha." Nilitamani kumshusha kwenye gari.

Hakimu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Kwanza akaniuliza kama mwandiko ni wa mume wangu. Ningeweza kukana. Lakini nilikuwa nimeuona katika Biblia yetu, alipoandika majina ya watoto, nikasema, "Ni wake, mheshimiwa."

Mke mwenzangu akatabasamu. Nikamtazama kwa jicho baya.

Hakimu akaeleza pole pole, hata mimi nikaelewa. Mwandiko wa mtu peke yake hausimamishi wasia. Wanatakiwa mashahidi wawili, waliomwona akitia sahihi au waliomsikia akikiri kwamba ni yake, nao watie sahihi zao mbele yake. Hapa hakuna hata mmoja. Tena karatasi haina tarehe, neno moja limefutwa na jingine kuandikwa juu, na ilitunzwa na yule yule anayepewa nyumba. Hayo matatu, akasema, yanatia shaka tu, na shaka huweza kujibiwa. Kukosa mashahidi hakuna jibu.

Wakili wa mke mwenzangu akaruka juu. "Marehemu alikuwa askari! Askari aliye vitani anaweza kuandika kwa mkono wake bila shahidi, sheria inamruhusu." Kumbe shemeji hakuwa anabwabwaja.

"Ni kweli," hakimu akasema. "Kama aliandika akiwa vitani. Aliandika lini?"

"Vitani, mheshimiwa," wakili akajibu.

Hakimu akamgeukia mke mwenzangu. "Huyu binti mdogo anayetajwa hapa, alizaliwa wapi?"

Angejua, angenyamaza! Lakini alinitazama mimi kwanza, kwa maringo, kisha akasema, "Zaire, mheshimiwa. Tulikuwa tumetulia. Baba yake mwenyewe alimpokea, mtu mwingine hakuwepo."

Wakili akafumba macho. Karatasi inayomtaja binti haikuweza kuandikwa kabla hajazaliwa, na wakati huo vita ilikuwa imekwisha, jeshi la mume wetu halipo tena, na mtu anakaa kwa amani na mkewe akiandika kama askari wa mstari wa mbele. Ile ruhusa ya jeshini ya kuandika bila shahidi aliibeba hadi uhamishoni, hakuna aliyemwambia imekwisha kazi. Wasia ukaanguka. Mali ikawa ya kugawanywa kwa sheria, watoto wa pande zote mbili na sisi wajane, na mimi nisifukuzwe katika nyumba niliyokuwa nikiishi.

Nilitaka kupiga vigelegele. Kabla sijafungua kinywa, hakimu akasoma karatasi yote kwa sauti, iingie katika kumbukumbu.

"Nyumba ya Arua ni ya mama wa binti yangu mdogo. Nilipougua aliniosha na kunilisha kama mtoto. Watu wasimsumbue."

Mke mwenzangu akaanza kulia. Hakuuliza habari ya nyumba. "Mheshimiwa, nirudishie basi hiyo karatasi," akasema. "Haina kazi tena kwenu."

Wakamwambia haiwezekani, inabaki katika faili. Akatoka akijifuta kwa ncha ya kitenge, nami nikabaki nimekaa kwenye benchi, mshindi, nikimwonea wivu kuliko siku zote. Mimi mume wangu hakuniandikia hata mstari mmoja.