Kalamu Inayojua Umebonyeza Kiasi Gani

Mimi ni fundi simu, Bunda mjini, na mdomo wangu ni mkubwa. Nasema hivyo mwanzoni ili usishangae. Wateja wangu wananiita dada fundi, na wengi wanajua nikishika simu nazungumza mimi, wao wanasikiliza. Kwa hiyo siku alipoingia mzee ambaye hazungumzi kabisa, nilijiona nimepata mteja wa ndoto.

Alikuwa fundi mitumbwi wa Kibara. Shingoni alifunga kitambaa cheupe, na pumzi yake ilipita hapo, si puani. Alitoa penseli bapa ya useremala nyuma ya sikio, akachukua kipande cha boksi mezani kwangu, akaandika: “Nilipasuliwa koo. Sauti sina. Kioo kimevunjika. Kalamu ni muhimu.”

Simu yenyewe ilikuwa moja ya zile kubwa zinazobeba kalamu tumboni. Mwanawe alimnunulia ikiwa imeshatumika. Ilianguka juu ya tezo lake la kuchongea mbao, kioo kikapasuka kona hadi kona, nusu yake ikawa nyeusi. Mimi niliposoma “kalamu ni muhimu” nilielewa jambo moja tu: mzee anaogopa nitamwibia. Mafundi simu tunajulikana, jamani, tunasingiziwa kila siku kwamba tumebadilisha betri ya mtu. Nikaivuta kalamu kwenye tundu lake, nikaionyesha, nikairudisha, ikalia ta!

“Ipo mzee wangu. Haitoki hapa bila wewe.”

Akanitazama. Akapigia mstari neno “muhimu”. Nikacheka, nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa kitu.

Nikaagiza kioo Musoma, cha bandia, kwa sababu kile halisi hakikupatikana. Nikapasha moto kile cha zamani, nikakibandua kwa wembe, nikapachika kipya. Nikajaribu kwa kidole juu, chini, kulia, kushoto. Kikateleza vizuri. Mzee akaja, akaona mwanga umerudi, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akakimbilia gari la Kibara.

Siku ya tatu alirudi. Alichomoa kalamu, akaandika hewani juu ya kioo, akaandika na juu ya kioo chenyewe. Hakuna kitu. Kidole kinafanya kazi, kalamu imekufa.

“Basi kalamu imechoka,” nikasema, kwa ujasiri wa mtu asiyejua. Nikafungua droo, nikampa kalamu nyingine, zile zenye ncha ya mpira ambazo zinafanya kazi kwenye simu yoyote ya kugusa. “Chukua, zawadi. Hii haiulizi simu ni ya aina gani.”

Alichora mstari. Ukatokea. Mimi nikapiga makofi. Yeye akabonyeza kidogo, akachora wa pili. Akabonyeza kwa nguvu, akachora wa tatu. Mistari mitatu ilikuwa minene sawasawa. Alipouegemeza mkono wake kwenye kioo ili achore vizuri, mkono nao ukachora madoa. Akatikisa kichwa, akanionyesha mistari ile, mmoja mmoja.

“Mzee, mstari ni mstari! Si umeonekana?”

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza na kuuliza. Sikunyamaza. Palikuwa na foleni, na yeye alikuwa na haraka ya kutuma mchoro, akaondoka na kalamu yangu ya mpira.

Aliporudi tena hakuandika kitu kwenye boksi. Aliweka simu mezani, akacheza ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya mwanaume, nyuma yake unasikia nyundo.

“Kaka, umechora kata, nimekata. Sasa ubao umepungua, hauendi mpaka mbele. Na huu ni mvule kaka, nitautoa wapi mwingine? Siku hizi unanichoreaga kwa hasira tu, kila mahali kata, kata. Kama umechoka na mimi uniambie. Mwenye mtumbwi anasema kuna fundi mwingine anaweza kuja kumalizia.”

Nilisikia aibu inapanda toka miguuni. Nilivuta kigoda, nikamwomba mzee akae, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue kibanda nikamwambia mteja: “Nifundishe. Niko kimya.”

Akaandika, na nilipokosa kuelewa nikauliza, akaandika tena. Aliyezungumza ni mdogo wake. Wao wawili wamejenga mitumbwi pamoja tangu ujana, mkubwa anapima, mdogo anakata. Baada ya mkubwa kupasuliwa koo, mdogo akapata kazi Bukima, ng'ambo huko upande wa Musoma, na mkubwa hawezi kusafiri ovyo na lile tundu la shingoni, vumbi la msumeno linamwua. Kupiga simu hawezi. Kwa hiyo mdogo anapiga picha ya mtumbwi ulipofikia, anatuma, na mkubwa anachora juu ya picha hiyo hiyo kwa kalamu, anarudisha. Ndivyo wanavyozungumza.

Kisha akanifungulia michoro ya zamani, ya kabla sijaishika simu yake. Weee! Niliisogeza karibu na macho. Kwenye ubao mmoja kulikuwa na mistari ya aina tatu. Mmoja hafifu sana, kama umepumulia kioo. Mwingine wa kati. Mwingine mnene, mweusi. Akaandika maana zake: hafifu, weka ubao upime, usiuguse na chuma. Wa kati, piga randa hapo. Mnene, kata. Hawakukaa chini wakakubaliana. Ndivyo alivyokuwa akikwaruza penseli kwenye mbao maisha yake yote, na mdogo wake anausoma mkono wake hata bila kufikiri.

Halafu akanifungulia mchoro wa juzi, wa kalamu yangu ya mpira. Mistari yote minene. Kata, kata, kata.

“Kwa nini usichore kwenye karatasi ukapiga picha?” nikauliza. Si ubishi, nilitaka kujua kweli. Akaandika kwamba alijaribu. Mstari hafifu wa penseli haukutokea kwenye picha, na usipotokea mdogo wake anadhani hakuna la kupima.

Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikamwacha mzee kwa mama wa chai aliye jirani yangu, nikaenda Musoma na simu yake. Njia nzima nilijitukana. Lakini nikisema ukweli, kulikuwa pia na kiherehere. Miaka yote nafungua simu, na sikuwahi kujiuliza kalamu isiyo na wino inajuaje umeikandamiza au umeipapasa.

Fundi aliyenifundisha kazi ana meza Musoma mjini. Nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani. “Umejaribu kioo kwa kidole tu? Na simu ina kalamu?” Kisha akanifungulia simu iliyokufa kwa maji, ya aina ile ile. Nyuma ya kioo chake kulikuwa na karatasi nyembamba nyeusi yenye mkanda wake wa kuchomeka kwenye mashine ya simu. Akaimulika na taa: ndani, nyaya za shaba nyembamba zimepita huku na huku.

“Kioo cha juu kinahisi kidole,” akasema. “Kalamu inasikiwa na hii ya chini. Inatoa nguvu ya sumaku, na ndani ya kalamu kuna koili, waya mwembamba uliozungushwa, inayojibu. Ndiyo maana haihitaji betri kuandika. Ukibonyeza, ncha inarudi ndani kidogo, jibu linabadilika, simu inapima, mstari unanenepa. Ile yako ya mpira inaigiza kidole tu. Kidole kimegusa au hakijagusa, basi.”

“Na karatasi ya mzee iko wapi?”

“Uulize wembe wako.”

Nilikuwa nimekuja na kile kioo kilichovunjika. Karatasi ilikuwa bado imegandamana nyuma yake, lakini nilikuwa nimeichana katikati nilipobandua. Nyaya zikikatika hivyo hazirudi. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akapasha moto ile simu iliyokufa kwa maji, polepole, akaibandua karatasi yake nzima bila kuikunja, huku akisema wengi wanaomletea simu hizi hawajawahi hata kuichomoa kalamu. Wananunua kwa ajili ya kamera. Nikafikiria mameneja niliowaona wakizunguka nazo, kalamu zimelala tumboni, na mtu mmoja wa Kibara anayesubiri ya kwake kama dawa.

Tukaipachika. Tukaifunga. Safari hii sikujaribu kwa kidole. Nilichora miraba kioo kizima, kona zote nne, hafifu, wastani, nzito. Nilipoisogeza kalamu bila kugusa, kidoti kikatokea juu ya kioo na kunifuata kila nilikokwenda. Nilikifuatisha kama mtoto, nikasahau gari.

Nilirudi Bunda jua limeshainama. Mzee alikuwa pale pale kwa mama wa chai, na kikombe kilichopoa. Nilimkabidhi simu kwa mikono miwili na nikasema nililopaswa kusema siku ya kwanza.

“Nisamehe, baba. Uliniambia, sikukusikiliza. Ubao wa Bukima nimeukata mimi.”

Alifungua picha ya ule ubao uliopungua, akaegemeza mkono mzima kwenye kioo, na kioo hakikuchora doa. Akaanza. Nilisimama nyuma ya bega lake. Mwanzoni sikuona kitu, nikashtuka, nikadhani imekufa tena. Nikainamisha kichwa. Mstari ulikuwepo, mwepesi mno, unapita kando ya ubao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kwa mkono ule uliojaa sugu sikujua kama anaweza kugusa kitu taratibu kiasi kile. Hakuweka mnene hata mmoja. Alikuwa anatafuta mahali pengine ambapo ubao ule ungeweza kukaa, na alipopapata, karibu na nyuma ya mtumbwi, akaurudia mstari kwa wembamba ule ule. Akatuma.

Tukangoja. Chai ililetwa, hakuna aliyekunywa. Niliogopa kwamba yule fundi mwingine ameshaitwa, kwamba nyundo tulizosikia asubuhi si za ndugu yake tena. Mzee alishika simu magotini na kidole gumba kikienda na kurudi pembeni yake.

Ujumbe ukaingia. Akaucheza kwa sauti ya juu. Safari hii hapakuwa na nyundo.

“Kaka.” Mzee akainamia simu. “Kumbe hukuwa umenikasirikia. Nakusikia, kaka. Sikati. Napima kwanza.”

Mzee alifungua mdomo kujibu. Kitambaa cha shingoni kikatikisika, hakuna kilichotoka. Akafuta macho kwa kiganja, akachukua kalamu.