Begi la Hellena na Maji ya Majivu

Avelina aliligeuza begi huku na huku. Lilikuwa la Hellena, binti wa jirani, turubai la bluu lenye mikanda myekundu. Jana Monika, binti wa Avelina, aliliazima kubebea viazi akateleza nalo mferejini. Tope lilikuwa limeingia hadi kwenye meno ya zipu.

Lingekuwa la mwingine, angesema pole yakaisha. Lakini mwaka jana ng'ombe wa akina Hellena walikula ulezi wake, na nyumba hizo mbili hazikusalimiana mpaka jumuiya ilipowakalisha kikao. Amani yenyewe ilikuwa na wiki mbili. Na kesho Hellena anaenda shule.

"Nimekuchujia maji ya majivu," alisema Zita, mama mkwe wake, akisogeza ndoo. "Magunia ya ulezi nayafua hivihivi, yanatakata."

"Subiri kwanza, mama."

Avelina alichovya kitambaa cheupe humo, akasugua upande wa ndani wa mkanda. Kikatoka chekundu. Akajaribu kingine kwa maji baridi matupu: rangi haikutoka.

"Umeona? Tungeloweka, bluu yote ingekunywa wekundu."

"Haya, mwalimu," alisema Zita, ila ndoo aliiondoa.

Tope lilikuwa limekauka, Avelina akalikung'uta na kulipiga brashi kabla ya tone la maji. Kisha akakoroga sabuni ya unga kidogo kwenye maji baridi, akasugua taratibu sehemu moja moja bila kuloweka, mikanda mwisho.

Zipu ikakwama katikati.

"Niivute kwa koleo, mama?" Monika aliuliza.

"Ivute, halafu ukamweleze Mama Hellena."

Avelina akapitisha mswaki mkuukuu kwenye meno, ndani na nje, akimwagia maji mpaka mchanga ukatoka, ndipo akaisogeza zipu mbele na nyuma kidogo kidogo. Ilipopita, alikuwa ametota jasho. Akalisuuza begi mpaka povu likaisha. Hakulikamua. Alilikandamiza kwa taulo, akalining'iniza kivulini, mdomo wazi ukitazama chini. Jioni, meno yalipokauka, akayapaka kipande cha mshumaa ili zipu iteleze.

Chini kabisa palibaki doa la rangi ya chai. Alishika brashi, akaiweka. Akilisugua tena, atatoa rangi ya begi.

Mama Hellena akaingia uani bila hodi. "Nimesikia begi limeogelea."

"Liliogelea. Nimelifua." Avelina aligeuza kitako cha begi. "Hili doa limenishinda, Mama Hellena. Nimeliacha nisije nikalichubua begi."

Mwenzake alilivuta karibu. Alifungua zipu, akaifunga, akaifungua tena. Akapitisha kidole kwenye mkanda, akakitazama.

"Doa linakaa chini, nani atalitazama?" alisema mwishowe, akavuta kigoda. "Kuna togwa?"

Monika alikuwa ameshakwenda kuchota.