Upepo wa Leonardi

Leonardi alikuwa na roho nzuri kwa watu wote wa Chanji isipokuwa mmoja, naye ni Atusaye. Huyo, hata akikohoa tu, Leonardi aliumwa tumbo.

Wote wawili walikuwa wavuta mikokoteni. Wakati ule wa Operesheni Vijiji, mahindi ya vijiji vya jirani yalikuwa yakishushwa kwenye ghala la ushirika, na kutoka ghalani yalipelekwa kinuni kusagwa, mwendo wa nusu maili, njia ya changarawe iliyokanyagika ikawa ngumu kama sakafu. Njia yenyewe ilipanda. Si mlima wa kutisha, ni kile kipando cha pole pole ambacho asiye na mzigo hakioni, lakini mwenye magunia matatu nyuma yake anakijua kwa jina la baba yake.

Mikokoteni yao ilitengenezwa na fundi mmoja, mwezi mmoja, kwa vyuma vya Landrova chakavu. Ekseli sawa, matairi sawa, mbao sawa. Sasa niambie, kwa nini Atusaye alikuwa akifika kinuni anapiga mluzi, na Leonardi akifika ulimi nje?

"Amekwenda kwa mganga," Leonardi alimwambia mkewe.

"Nani? Atusaye? Mtu anaimba kwaya kila Jumapili!" Emerensiana akacheka. "Yule kijana ana nguvu tu, baba. Na ana adabu. Jana kanisaidia kubeba debe la maji mpaka mlangoni."

Loo! Ni heri angemchoma na kijinga cha moto. Debe la maji! Leonardi hakula ugali ule, akaenda kukaa nje kwenye baridi, na upepo wa Ufipa ukampiga usoni, yeye akaona hata upepo umetumwa na Atusaye. Alikuwa na wivu, tuseme wazi, wivu wa kumkausha mtu mate.

Basi akaanza kumchunguza mwenzake. Siku moja akaona: mkokoteni wa Atusaye ukiwa na mzigo, matairi yanabonyea kidogo chini, pale yanapogusa ardhi. Matairi yote duniani hubonyea yakibebeshwa, lakini mwenye kijicho haoni dunia, anaona jirani. Leonardi akapiga paja. Ujanani aliwahi kuwa utingo wa lori, na kule Kasanga lori lao lilipozama kwenye mchanga wa ziwa, dereva alipunguza upepo, matairi yakalala bapa, lori likatoka. "Kumbe ndiyo siri yake!" akasema. "Tairi laini linashika njia. Tairi gumu linateleza, linakurudisha nyuma."

Alisahau kitu kimoja tu, kwamba kule kulikuwa na mchanga, na huku ni changarawe ngumu. Akapunguza upepo kidogo. Mkokoteni ukawa mzito zaidi. Akadhani hajapunguza vya kutosha, akapunguza tena. Miaka miwili mtu mzima anatoa upepo na kuongeza jasho, na kila akizidi kuchoka, anazidi kumchukia Atusaye.

Mwaka ule kamati ya ushirika ikasema mkokoteni mmoja tu utaajiriwa msimu mzima. Mwenye mkokoteni wa pili ashike jembe, aende shamba la kijiji. Leonardi aliposikia, alikwenda kwa mama Dominika, mtunza ghala, akapiga kelele kwamba Atusaye anapendelewa na kwamba anatumia dawa.

Mama Dominika alikuwa mwanamke wa maneno machache na mizani nyingi. "Dawa haina uzito," akasema. "Jumatatu njooni wote. Nitatumia mizani ya kuning'iniza, hii ya ndoana. Tutaifunga kati ya kamba ya kuvutia na mkokoteni. Mshale utasema kila mkokoteni unadai kilo ngapi za kuvutwa. Unaodai kidogo, ndio wa msimu."

Jumapili Leonardi akajifanya anaharisha, hakwenda Misa. Mikokoteni ilikuwa imeegeshwa nyuma ya ghala. Akaazima pampu ya mguu kwa Hamis mwenye gereji, akauinamia mkokoteni wa adui yake. Ndugu msomaji, unadhani alitoa upepo? Thubutu! Aliujaza. Alipampu mpaka matairi ya Atusaye yakawa magumu kama jiwe la kusagia, huku akicheka peke yake. "Kesho utateleza, mwanakwaya." Kisha akayageukia ya kwake, akayapunguza tena kidogo, kwa usalama.

Jumatatu watu wakajaa. Magunia matatu kila mkokoteni, yakapangwa katikati, juu ya ekseli, ili mpini usizidiwe wala usiinuke. Mama Dominika akatoa amri: "Mshale utaruka mnapoondoka, huo siusomi. Nitasoma mkokoteni ukishashika mwendo mmoja."

Wakaanza mbele ya ghala, mahali tambarare. Leonardi akavuta. "Ishirini na nne," mama akasoma. Akavuta Atusaye. "Kumi."

"Rudia!" Leonardi akafoka. Wakarudia. Kumi.

Wakaenda kwenye kipando. Leonardi alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Arobaini." Atusaye akavuta. "Ishirini na sita."

Mama Dominika akaandika kwa chaki ukutani, akatazama. "Hebu oneni. Kipando kimeongeza kilo kumi na sita kwa Leonardi, na kumi na sita kwa Atusaye. Mzigo ni ule ule na njia ni ile ile, kwa hiyo kipando hakikumpendelea mtu. Tofauti ilikuwepo tangu pale tambarare. Inatoka kwenye magurudumu. Msimu ni wa Atusaye."

Hapo ndipo kijicho kikamvua mtu nguo hadharani. "Haiwezekani!" Leonardi akapiga kelele. "Haiwezekani, nasema! Matairi yake nimeyajaza upepo mimi mwenyewe jana mpaka yakalia!"

 Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikaenea mpaka kinuni. Emerensiana alikuwepo. Yeye hakucheka, alijifunika uso kwa khanga.

Atusaye akamkaribia taratibu. "Kaka Leonardi, kumbe ni wewe? Asubuhi nilishangaa mkokoteni unanifuata wenyewe." Hakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomuuma Leonardi kuliko kicheko. Atusaye akainama, akabonyeza tairi la Leonardi kwa kidole gumba, kikazama. "Na haya, nani kakufanyia hivi?"

 

Pampu ikaletwa. Atusaye mwenyewe akakanyaga, mama Dominika akafunga tena mizani, na Leonardi akaambiwa avute, mizigo ile ile, kipando kile kile. Akavuta. Hakuwa amezoea, karibu aanguke kifudifudi, kwa jinsi mkokoteni ulivyokuja.

"Ishirini na sita," mama akasoma. Akausoma mshale mara ya pili. "Sawa kabisa na Atusaye. Lakini msimu nimekwisha kuutoa, na mtu anayechezea mali ya mwenzake siku ya Misa, jembe litamfaa."

Jioni Leonardi alirudi Chanji na mkokoteni mtupu. Ulikuwa mwepesi ajabu. Kwenye mteremko ulimsukuma visigino, ikambidi auzuie ili usimpite. Alijaribu kumchukia Atusaye kama siku zote, akamtafutia kosa, hakulipata. Akasimama katikati ya njia, akashika mpini kwa mikono miwili, akalia.