Konzi Tatu za Ndagala

Mke wa kijana wangu, mzaliwa wa Uvira, alinitumia picha ya kadi ya mapishi kwa WhatsApp. Kadi ni ya mama yangu. Aliiandika kwa Kirundi alipokuwa bibi harusi, na doa la mawese limekula pembe yake. Jumapili binti huyu angeipikia familia kwa mara ya kwanza, na mama alikuwa ameomba sombe, majani ya muhogo.

“Papa, simu inanitafsiria vibaya. Inasema nipike mpaka sombe inyamaze. Sombe inasema nini?”

Nikajitwika kazi ya kutafsiri kwa fahari ya mtu aliyesoma chuo kikuu na asiyejua kuwasha imbabura, jiko la makaa. Kunyamaza nilikujua, maana nimekula sana: maji yanapokauka mchemko hutulia, mafuta yakapanda juu. Nikaandika hivyo. “Kopo la mawese” nikaligeuza kuwa robo lita, kwa kukisia tu.

Kisha “konzi tatu za ndagala”, yaani dagaa. Hapo nikaona nisikisie. Jumamosi mimi na binti tulikwenda kwa mama, mtaa wa Kanyosha, na mizani ya jikoni. Kopo lenyewe bado lipo, la maziwa, sasa linatunza chumvi. Tulilijaza maji, tukayamimina kwenye jagi lenye alama: lilizidi robo lita yangu kwa mbali. Mama akacheka.

“Ndiyo maana mi sikukutuma dukani, we mutoto.”

Akachota ndagala kavu mara tatu, tukapima, nikaandika gramu. Binti akapika pale pale kwa kujaribu. Alichemsha majani yaliyotwangwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, kisha akaweka vitunguu, mawese na ndagala. Sombe ikanyamaza vizuri kabisa.

Mama akaonja. “Apana. Samaki wako wapi?”

Binti akanitazama kama mtu aliyeuziwa saa mbovu. Nikaonyesha gramu zangu. Mizani haidanganyi, nikasema.

“Mizani haidanganyi,” mama akasema, “lakini we umepima mukono wa nani?”

Akaufungua mkono wake juu ya meza. Ulikuwa mdogo, umekauka, vidole havikunjuki vyote. Kadi iliandikwa na mkono mwingine, ule ulionibeba na kunichapa.

Mama akaushika mkono wa binti, akaugeuza, akauvuta kwenye bakuli. “Chota. Usione haya, jaza.” Binti akachota mara tatu. Mizani ikasema karibu mara mbili ya gramu zangu.

“Hiyo,” mama akasema.

Jumapili mama alikula sahani mbili na hakusema neno. Kwake hiyo ni hotuba. Nilipotaka kuandika gramu mpya chini ya tafsiri yangu, binti alinizuia, akaandika mwenyewe: konzi tatu, za mkono wangu.

Mjukuu wangu naye, siku moja akiisoma, atahitaji mizani.