Matone Mawili kwenye Kitoroli cha Nne

Shuleni wote walimwita Bwana Grisi, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa fundi wa maabara kwa miaka ishirini na sita, na hakuna kilichomkera kama chuma kinacholia. Bawaba ikilalamika tu, yeye huyo na kopo lake la mafuta. Mkewe alizoea kusema, "Huyu hata mtoto akilia, atatafuta kopo kwanza."

Asubuhi ya mtihani wa vitendo wa fizikia aliamka roho juu. Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa anaurudia. Chuo cha ufundi kilikubali kumpokea kwa sharti moja, afaulu fizikia. Akianguka tena, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Vitoroli vitano vilipangwa sakafuni, kila kimoja kimepakiwa matofali mpaka kilo nane. Bwana Grisi alivijaribu mwenyewe, kama taratibu zinavyotaka. Alisukuma kwa mizani ya springi, mwendo uleule bila kuongezeka, mizani ikasoma nyutoni nne. Mwendo usipobadilika, kani ya kusukuma inalingana na msuguano. Basi msuguano ni nne. Kisha akasukuma kwa nane, kuanzia kitoroli kimesimama. Nane toa nne, zinabaki nne za kuongeza mwendo. Nne gawa kwa kilo nane, mchapuko ni nusu mita kwa sekunde kila sekunde. Vyote vitano vilitoa jibu hilo. Akasaini kwamba viko sawa, msimamizi akaifunga karatasi ndani ya bahasha. Msahihishaji angelinganisha nayo.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, alikisogeza kidogo kitoroli cha nne. Kikalia kwii. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, matone mawili kila ekseli. Hakuna aliyemwona, na nadhani hata yeye hakujiona. Mazoea yana taabu.

Watahiniwa wakaingia, mpwa wake akapangiwa namba nne.

Fundi haruhusiwi kusema na mtahiniwa. Bwana Grisi alisimama kando ya kabati, hatua tatu kutoka kwa binti, akamwona anasukuma polepole kupima msuguano. Mizani ikasoma mbili. Hapo ndipo alipokumbuka kopo.

Binti hakujua. Akasukuma kwa nane, akapiga hesabu: nane toa mbili, sita, sita gawa kwa nane, sifuri nukta saba tano. Swali la mwisho lilitaka ahakikishe kwa saa. Kitoroli kilikwenda mita moja na nusu kwa sekunde mbili. Umbali mara mbili ni tatu. Sekunde mbili mara mbili ni nne. Tatu gawa kwa nne, sifuri nukta saba tano tena. Akatabasamu. Kisha jicho likamponyoka hadi meza ya jirani, akaona msuguano nne, mchapuko nusu. Meza ya pili, nusu.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, kitoroli changu kina tatizo?"

"Vifaa havina maswali," msimamizi akajibu. "Fundi amesaini kwamba viko sawa. Si ndiyo, Bwana Fundi?"

Chumba kizima kikamgeukia. Akisema kweli, mtihani wa wote huenda ukafutwa. Alijiambia kwamba anawaonea huruma wale wengine. Uongo mtupu; aliogopea kazi yake. Akaitikia kwa kichwa.

Binti akachukua raba. Akafuta mbili, akaandika nne. Akafuta jibu, akaandika nusu. Kabla hajafika kwenye sekunde zake, kengele ikalia na karatasi zikakusanywa.

Watu walipotoka, binti alimfuata stoo.

"Mjomba, nimeharibu. Mwanzo nilipata jibu lingine, kwa njia mbili. Nikaona wenzangu wote wana nusu, nikabadilisha. Ila muda sikuuwahi."

Bwana Grisi alikaa juu ya kreti. Kwa nusu, zile sekunde zingekuwa karibu mbili na nusu. Msahihishaji atazikuta mbili, atajua kuna mahali binti ameangalizia. Binti angeacha kila kitu kama kilivyokuwa, namba zake zingeshikana, na mtu mwenye akili angemwelewa.

"Hukukosea," akasema. "Nilikitia mafuta. Msuguano ukapungua. Jibu lako la kwanza lilikuwa sahihi."

Binti hakulia.

"Ulijua lini?"

"Uliposukuma mara ya kwanza."

"Kabla sijanyoosha mkono?"

"Kabla."

Akaokota mkoba wake. "Kwaheri, Bwana Fundi," akasema, kama anavyomuaga mtu asiyemjua, akatoka.